Kopo la Gramu 400 na Hesabu ya Bati Lake

Maharagwe, njegere, nyanya zilizomenywa: vyakula hivi huuzwa sana katika kopo la saizi moja, lile linaloandikwa gramu 400. Kipenyo chake ni kama sentimita 7.3 na ndani linabeba mililita 425. Mtu akilipima kwa rula ataona kwamba ni refu kuliko lilivyo pana, kwa kiasi kinachoonekana hata kwa macho. Hesabu inayofundishwa shuleni inadai kwamba kopo lililofungwa pande zote mbili hutumia bati kidogo kabisa pale urefu wake unapolingana na kipenyo chake. Je, viwanda vimekosea, au hesabu ya shuleni imeacha kitu nje?

Swali hilo linahitaji kujibiwa hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kuhesabu bati lenyewe. Kopo lina vipande vitatu: kitako, kifuniko na kiwiliwili. Kitako na kifuniko ni duara mbili zilizo sawa. Kiwiliwili kikikatwa wima na kunyooshwa juu ya meza kinakuwa mstatili, ambao upande wake mmoja ni urefu wa kopo na upande wa pili ni mzingo wa duara. Tukiuita nusu kipenyo r na urefu h, eneo la bati lote ni 2πr² + 2πrh.

Herufi ni mbili, lakini uhuru ni mmoja tu. Ujazo umeshapangwa kuwa sentimita za ujazo 425, kwa hiyo anayechagua r amekwisha kuchagua h bila kujua: h = 425/(πr²). Tukiiweka hiyo mahali pa h, tunapata kanuni yenye kigeugeu kimoja:

A = 2πr² + 850/r

Sehemu ya kwanza ni gharama ya duara mbili, na inakua r inapokua. Sehemu ya pili ni gharama ya kiwiliwili, na inapungua r inapokua. Kanuni nzima ni mvutano wa hizo mbili.

Kabla ya kutafuta ushindi uko wapi, inafaa kutazama mipaka. Hapa r haina thamani ya mwisho upande wowote: inaweza kusogelea sifuri bila kuifikia, na inaweza kukua bila kikomo. Kopo lenye r ya sentimita 1 lingekuwa bomba la urefu wa sentimita 135, refu kama mtoto wa shule ya msingi, na lingekula sentimita za mraba 856 za bati. Lenye r ya sentimita 10 lingekuwa sahani ya kina cha sentimita 1.35 tu, na lingekula sentimita za mraba 713. Kadiri r inavyozidi kukaribia sifuri, 850/r inapanda bila kikomo. Kadiri r inavyozidi kukua, 2πr² inapanda bila kikomo. Bati linazidi pande zote mbili, na mchoro wa kanuni hauna sehemu iliyokatika katikati. Basi ni lazima kuwe na mahali fulani katikati panapohitaji bati kidogo kuliko kwingine kote. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa sababu haiwapi namba. Lakini ndiyo inayotoa hakika kwamba kuna kitu cha kutafutwa.

Mahali penyewe panapatikana kwa kuuliza swali hili: r ikiongezwa kidogo sana, A inabadilika kwa kasi gani? Kasi hiyo ndiyo kinyambuo cha kwanza, na kwa kopo letu ni 4πr − 850/r². Ikiwa hasi, kupanua kopo kunaokoa bati. Ikiwa chanya, kupanua kunapoteza. Sehemu inayotafutwa ni ile ambapo kasi ni sifuri, yaani 4πr = 850/r², au r³ = 850/(4π), ambayo ni 67.64. Kipeuo chake cha tatu ni 4.07. Urefu unatoka sentimita 8.15, sawasawa na kipenyo, na bati linalohitajika ni sentimita za mraba 313.

Hata hivyo, kasi ya sifuri peke yake haithibitishi kwamba hapo ndipo chini. Juu ya kilele pia kasi ni sifuri, na kuna michoro inayotulia kidogo kisha ikaendelea kushuka. Kinachotofautisha hali hizi ni kinyambuo cha pili, yaani jinsi kasi yenyewe inavyobadilika. Kwetu ni 4π + 1700/r³. Kwenye r ya 4.07 inatoa 12π, karibu 37.7, namba chanya: kasi ilikuwa hasi, ikapita sifuri, ikawa chanya. Tuko kwenye sakafu ya bonde.

Hapa pana jambo linalostahili kusimamiwa. Kinyambuo cha pili kikipimwa katika nukta moja kinasema habari za jirani za nukta hiyo tu. Kinathibitisha kwamba hakuna kopo lililo bora zaidi karibu na hapo, lakini hakikatai kuwepo kwa bonde jingine mbali, lenye kina zaidi. Kinachotuokoa ni kwamba 4π + 1700/r³ ni chanya kwa kila r iliyo zaidi ya sifuri. Mchoro unapinda kuelekea juu kila mahali, kwa hiyo hauwezi kuwa na mabonde mawili. Mtu akiandika tu "12π ni chanya, basi ndiyo ndogo kuliko zote", jibu lake ni sahihi ila hoja yake imebaki nusu.

Sasa lirudi kopo la dukani. Kwa r ya sentimita 3.65, kanuni inatoa sentimita za mraba 316.6. Tofauti na kopo bora ni sentimita za mraba 3.7, asilimia moja na ushei. Kopo limesogezwa kwa zaidi ya milimita 4 za nusu kipenyo, na bati limeongezeka kidogo mno. Jambo hili aliliona Johannes Kepler, yule mwanaastronomia, karne nne zilizopita. Mwaka 1613 alipofunga ndoa, alinunua mapipa ya divai mjini Linz, Austria, na muuzaji akayapima kwa kuingiza fimbo ya mshazari ndani ya kila pipa. Kepler alitilia shaka njia hiyo, akaichunguza, na mwaka 1615 akachapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa. Humo alieleza kwamba karibu na pipa lenye ujazo mkubwa kuliko yote, kubadili umbo kidogo hakubadili ujazo kwa kiasi cha kuhisiwa. Kwenye sakafu ya bonde ni vivyo hivyo. Kasi ni sifuri, kwa hiyo hasara haikui kwa uwiano wa kosa bali kwa mraba wake, na ukubwa wake unasomwa kwenye kinyambuo cha pili: nusu ya 37.7 mara mraba wa kosa.

Hata hivyo asilimia moja si kitu kidogo kwa anayetengeneza makopo kwa mamilioni, na bado hatujaeleza kwa nini kopo ni jembamba. Jibu liko sakafuni mwa karakana. Fundi wa bati wa Kamukunji jijini Nairobi anayekata duara kutoka kipande cha mraba anaona pembe nne zikianguka, na pembe hizo ni zaidi ya asilimia 21 ya mraba wote. Kanuni yetu ilihesabu duara peke yake, kana kwamba pembe hazikununuliwa. Mstatili wa kiwiliwili hauna hasara ya namna hiyo. Kwa hiyo duara ni ghali kuliko tulivyodhani, na kopo linapaswa kuwa na duara ndogo zaidi.

Kiwanda hupunguza hasara hiyo kwa kupanga duara katika safu zinazopishana, kila duara likiwa kana kwamba limekaa ndani ya umbo la pande sita. Hasara inashuka hadi kama asilimia 9. Ukiingiza umbo hilo katika hesabu badala ya duara tupu, r bora inashuka kutoka 4.07 hadi 3.94.

Halafu kuna mshono. Kifuniko hakiwekwi juu ya kopo kama kifuniko cha sufuria. Ukingo wake hukunjwa pamoja na ukingo wa kiwiliwili, mara mbili, hadi hewa isipite. Kwa hiyo duara linakatwa likiwa kubwa kuliko kopo, na kiwiliwili kinakatwa kikiwa kirefu kidogo. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, duara linaongezwa sentimita 0.7 kuzunguka ukingo na kiwiliwili kinaongezwa nusu sentimita kwa urefu. Kasi mpya inafikia sifuri kwenye r ya takriban sentimita 3.66. Kinyambuo cha pili bado ni chanya kila mahali, na bati bado linapanda bila kikomo pande zote mbili, kwa hiyo ithibati ile ile inasimama. Nyongeza hizo ni za mfano, lakini zinaonyesha kwamba pengo kati ya 4.07 na 3.65 linaweza kuzibwa na pembe za bati na mikunjo peke yake. Kopo la soda liko nje ya hesabu hii kabisa: kiwiliwili na kitako chake huvutwa kutoka kipande kimoja cha alumini, na kifuniko chake ni kinene kuliko ukuta.

Mipaka hubadilika kabisa kiwanda kinapowekewa masharti. Chakula kizito kama maharagwe ya kupondwa hupashwa moto kikiwa ndani ya kopo, na joto hulazimika kupenya polepole kutoka ukutani hadi katikati. Kopo pana huchukua muda mrefu zaidi kuiva kwa usalama. Tuseme mpishi mkuu anakataa r iliyo zaidi ya sentimita 3.3, na mashine haishiki iliyo chini ya 2.5. Sasa r ina ncha mbili halisi, na 4.07 iko nje. Anayetafuta mahali ambapo kasi ni sifuri hatapata chochote ndani ya mipaka hiyo, na kinyambuo cha pili, ingawa ni chanya, hakitamwonyesha jibu. Kinachobaki ni kupima ncha. Kwa kanuni ya kwanza, isiyo na mikunjo, r ya 2.5 inatoa sentimita za mraba 379 na r ya 3.3 inatoa 326. Kasi ni hasi kutoka ncha moja hadi nyingine, kwa hiyo ndogo kuliko zote ni 3.3, kwenye ncha yenyewe, ambako mchoro ungali unashuka. Kwa kuwa ungali unashuka, kasi ya pale ina maana ya fedha: mpishi akikubali milimita moja zaidi, kila kopo litaokoa kama sentimita za mraba 3.4, na makopo milioni moja yataokoa zaidi ya mita za mraba 330 za bati.