Amri ya Kuhama Katika Mistari Minne

Tarehe 25 Aprili, 2019, Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya jimbo la Kabo Delgado, kaskazini mwa nchi jirani ya Msumbiji. Yalikuwa yamepita majuma sita tu tangu Kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira na kuukatia mawasiliano. Kabo Delgado inapakana na Mtwara, na katika pwani yake wamo wanaosema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, ilhali lugha ya serikali ni Kireno. Katika mahali kama hapo, ofisa anayetuma onyo kwa simu hajui litasomwa kwenye kioo cha namna gani. Huenda ni simu mpya ya kioo kipana, huenda ni simu kuukuu inayoonyesha maneno machache kwa mara moja, au huenda ni askari anayelisoma kwa sauti kupitia kipaza sauti.

Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Kipimo hicho ni cha herufi za kawaida tu. Ikiingia alama moja isiyokuwamo katika orodha ya simu, ujumbe mzima hubadilishiwa utaratibu, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Herufi ã, iliyomo katika neno la Kireno evacuação, yaani kuhamisha watu, ni mojawapo ya alama hizo. Msemaji wa Kiswahili naye asijione amesalimika. Ritifaa iliyo wima haina madhara, lakini kompyuta nyingi za ofisini huipinda zenyewe bila kuulizwa, na ritifaa iliyopinda haimo katika orodha.

Tuchukue mfano wa ujumbe ulioandikwa kwa desturi ya ofisini:

“Wananchi wote wanaoishi mabondeni wanaombwa, kutokana na kimbunga kinachotarajiwa, wahamie ng’ambo ya mto kesho kabla ya saa 12.”

Ujumbe huo una herufi 128, na ungetosha katika kipande kimoja. Lakini ritifaa ya neno ng’ambo imepinda, kwa hiyo hukatwa mara mbili. Kipande cha kwanza huishia katika herufi ya kwanza ya neno “kinachotarajiwa”. Simu nyingi huviunganisha vipande, lakini kipande cha pili kikichelewa au kupotea, mwananchi atakuwa amesikia habari za kimbunga bila ya kuambiwa la kufanya.

Tena neno “kesho” lina hatari yake. Simu iliyozimwa hupokea ujumbe inapowashwa, na kesho ya mtumaji ikawa leo ya msomaji. “Saa 12” nayo haisemi kama ni alfajiri au jioni. Kosa huzidi katika kutafsiri: saa 6 ya asubuhi kwa hesabu ya Kireno ni saa 12 alfajiri kwa Kiswahili, na mfasiri akiiacha “saa 6”, watu watatoka mchana, wakiwa wamechelewa saa 6 nzima.

Ujumbe uleule huweza kuandikwa hivi:

Hameni mabondeni.
Vukeni darajani, nendeni shuleni.
Fikeni kabla ya saa 12 jioni, Alhamisi 25 Aprili.
Kimbunga kinakuja.

Hizo ni herufi 120, pamoja na nafasi za kugawa mistari. Amri imetangulia, kwa kuwa simu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo tu kabla ya ujumbe kufunguliwa. Kila mstari umefungwa kwa nukta, ili simu ikiiunganisha mistari yote kuwa mmoja maana isichanganyike. Hata ukikatwa kwenye herufi ya 67, amri mbili za mwanzo hubaki nzima. Hakuna mishale, picha, rangi wala safu zilizopangwa kwa nafasi tupu. Picha isiyojulikana kwa simu hugeuka kisanduku kitupu, na safu huvurugika kioo kikiwa chembamba. Askari mwenye kipaza sauti naye huusoma mstari, akavuta pumzi, akasoma unaofuata.

Ufupi huo una gharama yake. “Shuleni” hutosha pale tu kijiji kina shule moja. Vijiji vitatu vyataka jumbe tatu, kila mmoja na jina la shule yake. Vilevile minara ikianguka, kama Beira ilivyokatikiwa mawasiliano, ujumbe hauendi popote. Hapo mistari ileile minne, ikiwa imenakiliwa mapema katika daftari la zamu, husomwa redioni na kupigiwa mbiu mitaani bila kubadilishwa neno, ili aliyeipata kwa simu jana asidhani kwamba ametolewa amri nyingine.