Geuza Kopo, Usome Kitako

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga siku hizi hayauzwi famasi na madukani tu. Yanauzwa pia kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram, ambako mzazi huletewa picha mbili tatu, bei iliyo chini ya ile ya famasi, na ahadi kwamba boda atafika kabla ya jioni. Uamuzi wote unategemea picha hizo.

Wengi wetu hutazama upande wa mbele: nembo, rangi, namba ya umri wa mtoto. Lakini udanganyifu ulio rahisi kuliko wote hauhitaji kuiga nembo yoyote. Mtu anachukua kopo halisi lililopitwa na muda, anafuta tarehe, anapiga nyingine. Upande wa mbele hauna kosa hata moja kwa sababu ni wa kiwandani. Kosa liko kitakoni, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tarehe hupigwaje?

Nembo na maelezo huchapwa kwenye bati mapema, kabla halijakunjwa kuwa kopo. Tarehe huja mwisho, kopo likishajazwa na kufungwa. Viwanda vingi hutumia mashine inayorusha vitone vya wino bila kugusa bati, na ndiyo maana kila tarakimu ukiitazama kwa karibu ni safu ya nukta ndogo za duara, zilizoachana kwa nafasi sawa. Vingine hutumia mwanga wa leza, unaochoma alama kwenye vanishi ya bati.

Wino hufutika kwa asetoni au spiriti, ila kazi hiyo huacha athari. Dawa inayoondoa wino huchubua na vanishi, na pale palipofutwa panabaki doa lililofifia, lisilong'aa kama bati la pembeni. Alama ya leza haifutiki kwa kitambaa. Lazima ikwanguliwe, na mkwaruzo unaonekana. Kwa hiyo mwombe muuzaji apige picha ya kitako akiwa ameliinamisha kopo kidogo kuelekea dirishani, ili mwanga uteleze juu ya bati. Picha iliyopigwa moja kwa moja kwa flashi huficha doa hilo.

Tuchukue mfano. Unaletewa picha ya kopo la gramu 400. Kitakoni pameandikwa `MFG 11 02 2024`, chini yake `EXP 11 02 2027`, kisha namba ya toleo. Kila kitu kinasomeka. Unapita famasi, unaomba kuona kopo la aina hiyohiyo, ukubwa huohuo, na unakuta `MFG 20 08 2025` na `EXP 20 08 2027`. Sasa fanya hesabu. Kopo la famasi limepewa miezi 24, la kwenye picha limepewa 36. Kiwanda hakiyapi makopo ya bidhaa moja umri tofauti kiasi hicho. Unairudia picha, unaivuta iwe kubwa, na unaona kwamba ile 7 ya mwisho ina nukta zilizoshikana, nene kuliko za tarakimu nyingine, na nyuma yake bati limefifia. Kopo hilo liliisha muda Februari 2026, na mtu amebadilisha tarakimu moja tu.

Hapo usinunue. Maziwa yaliyopita muda wake hupungukiwa na vitamini, mafuta yake huanza kuchacha, na mtoto wa miezi mitatu hana chakula kingine cha kufidia pengo hilo.

Kuna jambo moja la kumtendea haki muuzaji. Mistari ya tarehe iliyokaa upande si dalili ya ughushi. Kopo huzunguka ovyo kwenye mkanda wa kiwanda, kwa hiyo maandishi ya kitako yanaweza kuangalia upande wowote. Linganisha pia kopo na ndugu yake. Lililotengenezwa kwa soko la Ghuba, lenye Kiarabu ubavuni, linaweza kuwa na mpangilio tofauti wa tarehe na la soko la Kenya au Tanzania, na yote mawili yakawa halali.

Kifuniko, foili na mbonyeo

Chini ya kifuniko cha plastiki kuna foili ya alumini iliyogandishwa kwa joto kuzunguka mdomo wa kopo. Ugandishaji wa mashine huacha ukingo wa upana mmoja pande zote. Foili iliyobandikwa kwa gundi ina mikunjo, upana unaoyumba, au kamba ya gundi inayong'aa pembeni. Kama kifuniko kina utepe wa kukatwa, usiwe umekatika popote.

Foili iliyotuna isikutishe peke yake. Kopo lililofungwa karibu na usawa wa bahari likipandishwa Nairobi au Mbeya, hewa ya nje inakuwa nyepesi na foili inainuka. Ila kama imetuna Mombasa au Dar es Salaam, lirudishe.

Kitakoni tazama pia duara zilizobonyezwa kwenye bati na mshono unaolizunguka. Mbonyeo wa kiwanda una kingo kali na kina kimoja. Mshono uliopindwa upya kwa mkono una mabonde na mikwaruzo, na mara nyingi kutu huanzia hapo.

Uchapaji

Herufi nyeusi ndogo, kama zile za jedwali la virutubishi, kwa kawaida huchapwa kwa wino mweusi mtupu, na kingo zake ni safi. Anayeiga hupiga picha ya kopo halisi na kuichapa upya, na hapo weusi huundwa kwa nukta za rangi kadhaa. Herufi zinapata ukungu wa bluu au wekundu pembeni, na mistari myembamba ya jedwali inakatika.

Shida ni kwamba WhatsApp hubana picha, na picha iliyobanwa huweka ukungu hata kwenye kopo halali. Mwombe muuzaji atume picha kama faili, si kama picha ya kawaida. Bila hivyo, usihukumu uchapaji kwa namna yoyote.

Picha inapoishia

Dalili hizi zinaweza kukufanya ulikatae kopo, lakini haziwezi kukuhakikishia kilichomo ndani. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya kampuni ya Sanlu yalitiwa kemikali ya melamini. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki. Makopo na pakiti zile zilikuwa halisi, zimetoka kiwandani kwenyewe. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba polisi wa Shanghai wamewakamata watu waliojaza maziwa ya bei rahisi kwenye makopo ya kuigiza ya chapa ghali, zaidi ya makopo 17,000. Kwa kopo la kwanza picha isingesaidia kitu. Kwa la pili, ingesaidia mnunuzi aliyekuwa na kopo halali la kulinganisha.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba picha nne: kitako kikiwa kimeinamishwa kwenye mwanga, foili ikiwa kifuniko kimeondolewa, mshono wa chini kwa karibu, na jedwali la virutubishi kama faili. Boda akifika, hakikisha namba ya toleo ni ileile uliyoiona, kwa kuwa picha ya kopo moja inaweza kuuza makopo mia. Muuzaji akigoma kuonyesha kitako, tafuta mwingine. Na ukipata kopo lililofutwa tarehe, usilitupe. Lihifadhi pamoja na picha na risiti ya malipo, ulipeleke TBS ukiwa Tanzania Bara, ZFDA ukiwa Zanzibar, au KEBS ukiwa Kenya, maana aliyefuta tarehe ya kopo moja hakuishia kwenye hilo moja.