Kutafuta Mwenza au Kutafuta Sifa

Tinder, iliyoanza mwaka 2012, humwonyesha mtumiaji picha moja baada ya nyingine: akitelezesha kidole kulia amempenda mtu, kushoto amemkataa. Wawili wakipendana, simu huwajulisha. Kwa kuwa taarifa hiyo huja bila kutabirika, kidole huendelea kuiwinda nyingine.

Nia hujulikana baada ya taarifa hiyo. Anayetaka kukutana na mtu husoma maelezo yake, humwandikia, kisha hupanga siku na mahali. Anayetaka kuhakikishiwa kwamba anavutia huridhika na taarifa yenyewe. Hatumi hata salamu, hurudi kwenye picha, hasa usiku wa siku aliyopuuzwa au kuachwa.

Ukimya pekee si ushahidi, kwani wengine huona haya kuanza. Lakini mwenye haya humfikiria mtu fulani. Mtafuta sifa hakumbuki hata jina.