Taa za dashibodi zilizofichwa
Taa za dashibodi zilizofichwa ni taa za tahadhari za gari lililotumika ambazo zimetolewa balbu au kufunikwa kwa utepe ili mnunuzi asione hitilafu.

Hugunduliwa kwa kufungua swichi bila kuwasha injini: taa za injini, oili, betri na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka. Isiyowaka imeungua au imefichwa.

Wengine huunganisha taa ya mifuko ya hewa na ile ya oili. Kwa kawaida taa ya mifuko huzimika yenyewe baada ya sekunde chache. Iliyounganishwa huendelea kuwaka mpaka injini iwake, kisha huzimika pamoja na ya oili. Gari hilo likigongwa, huenda mifuko isifunguke.