Wimbo unapiga kelele, redioni kwa watu unanong'ona!

Juzi mshkaji wangu mmoja kaja gheto amenuna. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa unatoka Ijumaa, pesa ya studio kakopa kwa dada'ke, halafu akiuweka pembeni ya nyimbo za wenzake kwenye simu unasikika mnyonge. Studio ulikuwa unatikisa madirisha!

Tukaupima. Kipimo kinaitwa LUFS, kinaonyesha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia kwa wimbo mzima. Wa jamaa ulisoma -7. Spotify, kama msikilizaji hajazima mpangilio huo, inaweka kila wimbo kwenye -14. Kwa hiyo wake unashushwa desibeli 7. Ukubwa alioulipia unakwenda na maji, kinachobaki ni yale madhara: ngoma ya besi imesagwa na limita hadi haina teke tena.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Tulitoa nakala ya pili, limita imelegezwa, ikasoma -10. Ile ya kwanza tukaishusha desibeli 3 ili zilingane, tukasikiliza zote. Jamaa alicheka peke yake. Ngoma imerudi! Si lazima ufike -14 kamili, cha muhimu ni ngoma ipumue. Kilele cha juu tukakiacha -2, maana faili likibanwa kule mtandaoni vilele huchomoza zaidi na sauti inakwaruza. Spotify wenyewe wanashauri -2 kwa wimbo unaozidi -14, na -1 kwa uliotulia.

Halafu ule mwisho, jamani! Wimbo ulitakiwa kufifia taratibu, lakini ulikaa juu juu kisha ukadondoka kama mtu aliyekosa ngazi. Sababu ni kwamba aliushusha kabla ya limita. Limita kazi yake ni kubana kilichozidi, basi ukipunguza kidogo inaacha tu kubana, sauti inabaki pale pale. Tukahamishia mteremko baada ya limita, sekunde 10 kuanzia katikati ya kiitikio cha mwisho. Sikiliza mwisho huo kwa hedifoni usiku, kumetulia. Wa kwake ulikuwa na "tap!" ndogo, kumbe alama ya kukatia aliiweka kabla sauti haijaisha. Tukaisogeza mbele sekunde 2.

Kutoa faili ndiyo alitaka kuniua kwa kicheko. Alikuwa ameandaa MP3! Huduma za muziki zinabana faili zenyewe, na ukiwapa kilichokwishabanwa, kinabanwa mara ya pili. Eti akasema ataigeuza iwe WAV. Kilichotupwa hakirudi, mzee. Tukafungua kazi yenyewe, tukatoa WAV ya biti 24, 44.1 kHz, kama alivyorekodi.

Saa saba usiku akaituma. Dada'ke bado anadai.