Mpishi Akiondoka, Biashara Inapoteza Pesa Ngapi? Tupige Hesabu Pamoja

Jumatatu asubuhi mpishi hakuja. Saa mbili anatuma ujumbe: amepata kazi kwingine. Mwenye hoteli anashauriana na mwenzake wa biashara: tuongeze mshahara kidogo ili anayekuja asiondoke? Mwenzake anacheka. "Wapishi wamejaa huku nje. Kesho tutapata mwingine."

Kweli, mwingine atapatikana. Swali ni hadi atakapozoea, mtakuwa mmepoteza shilingi ngapi. Bila jibu la namba, ombi la kuongeza mshahara litaonekana kama huruma tu. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya jibu liko kwenye taarifa ya malipo ya tili yako.

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo mjini Thika. Ina wafanyakazi watano, inafungua siku sita kwa wiki, na karibu wateja wote wanalipa kwa tili. Mpishi alikuwa analipwa 22,000 kwa mwezi.

Anza na taarifa ya tili

Pakua taarifa ya wiki nne kabla mpishi hajaondoka, na ya wiki sita baada ya hapo. Linganisha Jumatatu na Jumatatu, Ijumaa na Ijumaa, kwa sababu mauzo ya mwisho wa wiki si sawa na ya katikati. Kama kipindi hicho shule zilifungwa au barabara ya mbele ilikuwa inachimbwa, usimlaumu mpishi kwa kushuka kwa mauzo. Chagua siku ambazo hazikuguswa na mambo hayo. Na kama wateja wako wengi hulipa pesa taslimu, utahitaji pia daftari la mauzo ya kila siku.

Hoteli yetu ilikuwa inaingiza wastani wa 14,000 kwa siku. Katika siku 12 za kazi bila mpishi wa kudumu, wastani ulishuka hadi 11,500. Mpishi mpya alipoanza, kwa siku 24 za kwanza wastani ulikuwa 13,000. Baadaye ulirudi 14,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mauzo yaliyopotea ni 30,000 kwa kipindi cha kwanza na 24,000 kwa cha pili, jumla 54,000. Lakini hiyo si hasara. Chapati ambayo haikuuzwa haikutumia unga wala mafuta. Kwa hoteli hii, kati ya kila shilingi 100 za mauzo, 60 huenda kwa vyakula na makaa, zinabaki 40. Kwa hiyo faida iliyopotea ni 12,000 na 9,600. Ukienda kwa mwenzako na ile 54,000, atakuuliza swali moja tu na hesabu yako yote itaanguka.

Ongeza gharama nyingine, toa ulichookoa

Mpishi wa kibarua alilipwa 1,000 kwa siku, jumla 12,000. Lakini siku hizo 12 hukulipa mshahara wa aliyeondoka. Gawanya 22,000 kwa siku 26 za kazi, zidisha kwa 12: umeokoa kama 10,150. Gharama halisi ya kibarua ni 1,850 tu.

Kisha kuna mambo madogo madogo. Watu wawili walijaribiwa kwa siku moja kila mmoja na kulipwa: 2,000. Aproni na cheti cha afya cha mshika chakula: 1,500. Chakula kilichoungua au kurudishwa na wateja katika wiki mbili za kwanza za mpishi mpya: 2,400. Saa 15 za mwenye hoteli za kutafuta na kufundisha, tukizihesabu kwa 200 kila moja: 3,000.

Jumlisha:

- Faida iliyopotea bila mpishi: 12,000
- Faida iliyopotea mpishi mpya akizoea: 9,600
- Kibarua, baada ya kutoa mshahara uliookolewa: 1,850
- Majaribio: 2,000
- Aproni na cheti: 1,500
- Chakula kilichoharibika: 2,400
- Muda wa mwenye hoteli: 3,000

Jumla: 32,350. Karibu mshahara wa mwezi mmoja na nusu.

Hatukuweka malipo ya siku za likizo ambazo mpishi alikuwa hajachukua. Hilo ni deni lake. Ungemlipa hata kama angebaki, ama angepumzika kwa siku hizo. Ukiliweka, unaongeza hasara ambayo haikuletwa na kuondoka kwake.

Si kila anayeondoka angeweza kuzuiwa

Mwaka huo hoteli ilipoteza watu wanne: mpishi na wahudumu watatu. Kwa hesabu kama hii, kila mhudumu aligharimu kama 9,000, maana mhudumu huzoea haraka. Jumla ya mwaka ni 59,350.

Lakini mhudumu mmoja alirudi chuoni na mwingine alifutwa kwa kuiba. Hata ungeongeza mshahara, hao wangeenda tu. Waliobaki ni mpishi, aliyeondoka kwa sababu ya pesa, na mhudumu aliyechoka kufunga usiku kila siku akihangaika na matatu. Hasara inayoweza kuzuiwa ni 41,350, na hiyo ndiyo namba ya kubeba kwenye mazungumzo.

Sasa bajeti

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza kila mtu 1,000. Watu watano kwa miezi 12 ni 60,000, hata kabla ya makato. Hiyo inazidi hasara yenyewe. Mwenzake angekuwa na haki ya kukataa.

Pendekezo la pili ni mpishi peke yake. Tuseme wapishi hapa huondoka kila mwaka, na nyongeza ingefanya aondoke mara moja kwa miaka miwili. Utaokoa nusu ya 32,350, yaani 16,175 kwa mwaka.

Ukimwongeza 1,500, usisahau mwajiri huchangia asilimia 6 ya NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba juu yake. Kwa mwaka utatoa 19,350, kwa hivyo unapoteza. Ukimwongeza 1,000, utatoa 12,900 na kubaki na 3,275. Si nyingi, lakini inajilipa.

Na yule mhudumu wa usiku? Zamu za kufunga zigawanywe kwa wote. Hiyo haihitaji bajeti.

Kitu kimoja tulichokadiria ni "mara moja kwa miaka miwili". Mwambie mwenzako hivyo waziwazi, na mkubaliane kuangalia tena baada ya mwaka. Mpishi akiondoka hata kwa nyongeza hiyo, mtakuwa mmejua kwamba tatizo halikuwa mshahara pekee. Ndiyo maana ni vizuri kumuuliza kila anayeondoka sababu yake, na kuiandika siku hiyo hiyo.

Pia soma tena mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe ilani ya siku 28 kwa maandishi, na wewe vilevile ukimwachisha. Mpishi wetu angetoa ilani hiyo, mpya angeanza kujifunza kabla yeye hajavua aproni, na zile siku 12 za mauzo ya chini pengine zisingekuwepo.

Leo, pakua taarifa ya tili yako ya miezi mitatu. Tafuta wiki ambayo mtu aliondoka, kisha uangalie wiki iliyofuata.