Magunia 31 Yasiyokuwepo Ghalani

Tuseme kata moja ina kaya 2,000 zinazolima mahindi, na chama cha ushirika kinataka kujua kila kaya, kwa wastani, ilivuna magunia mangapi msimu huu. Fedha ya kuzungukia kaya zote haipo, kwa hiyo zinahojiwa kaya 90. Bwana shamba anajumlisha magunia yaliyoandikwa kwenye fomu, anagawanya kwa 90, anapata 31.6. Anampelekea mwenyekiti wa chama jibu lake. Mzee analitazama, anatikisa kichwa: "Mwanangu, wengi hapa hawafikishi hata kumi. Hayo magunia mengine yako wapi?"

Mzee ana haki ya kuuliza, ingawa bwana shamba hakukosea kujumlisha. Kasoro imetokana na jinsi kaya hizo 90 zilivyopatikana. Kabla ya kwenda mashambani, daftari la kata liligawanywa katika matabaka matatu kwa ukubwa wa shamba: wadogo wenye chini ya ekari 3, wa kati wenye ekari 3 hadi 10, na wakubwa wenye zaidi ya ekari 10. Kisha kila tabaka likapigiwa kura yake ya nasibu. Wakubwa ni 100 tu katika kata nzima, lakini walihojiwa 20, yaani mmoja kati ya kila watano. Wadogo ni 1,500, wakahojiwa 40 tu. Ukizichanganya fomu zote kapu moja, sauti ya mkulima mkubwa inasikika mara nyingi kuliko idadi yake inavyostahili, na wastani unapanda.

Dawa yake ni kuurudishia kila wastani uzito unaolingana na tabaka lake katika kata, si katika fomu. Uzito huo ni idadi ya kaya za tabaka ikigawanywa kwa kaya zote: 1,500 kwa 2,000 ni 0.75. Jedwali hili, ambalo tarakimu zake nimezitunga kwa ajili ya mfano, linaonyesha hesabu nzima. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi mavuno ya kaya za tabaka moja yanavyotawanyika kuuzunguka wastani wa tabaka hilo.

| Tabaka | Kaya zote | Uzito | Waliohojiwa | Wastani (magunia) | Mkengeuko sanifu | Uzito × wastani | Mchango wa kosa |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Wadogo | 1,500 | 0.75 | 40 | 8 | 4 | 6.0 | 0.219 |
| Wa kati | 400 | 0.20 | 30 | 24 | 10 | 4.8 | 0.123 |
| Wakubwa | 100 | 0.05 | 20 | 90 | 40 | 4.5 | 0.160 |
| Jumla | 2,000 | 1.00 | 90 | | | 15.3 | 0.502 |

Safu ya saba ndiyo inayotoa jibu: 6.0 na 4.8 na 4.5 ni magunia 15.3 kwa kaya. Ni chini ya nusu ya yale 31.6. Ukizidisha kwa kaya 2,000 unapata magunia 30,600 kwa kata nzima. Kwa hesabu ya kwanza, chama kingejiandaa kupokea zaidi ya magunia 63,000.

Lakini 15.3 ni makisio. Kura ingepigwa tena, kaya nyingine 90 zingetoa jibu tofauti kidogo. Kosa sanifu ndilo linalotuambia hilo "kidogo" ni kiasi gani, na safu ya mwisho ndiyo njia ya kulifikia. Tufuate mstari wa wadogo. Mraba wa mkengeuko ni 16; ugawanye kwa 40 waliohojiwa, unapata 0.4. Uzidishe kwa mraba wa uzito, 0.75 mara 0.75, inakuwa 0.225. Hatua ya mwisho ni kuzidisha kwa sehemu ya kaya ambazo hazikuhojiwa, 1,460 kwa 1,500, kwa sababu kaya iliyokwisha kuhojiwa haina tena la kubahatisha. Hapo ndipo inapopatikana 0.219. Fanya hivyo kwa kila tabaka, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha 0.502. Jibu ni magunia 0.71. Ukienda takriban mara mbili ya kiasi hicho juu na chini ya 15.3, unapata kati ya 13.9 na 16.7, na kwa utaratibu huu wastani wa kweli hunaswa takriban mara 95 katika kila 100.

Angalia mstari wa wakubwa. Wao ni asilimia 5 ya kaya, lakini mchango wao wa kosa unakaribia theluthi moja ya jumla, kwa sababu mavuno yao yametawanyika sana. Ndiyo maana walihojiwa wengi kuliko idadi yao ilivyodai. Mwaka 1934, mwanatakwimu Jerzy Neyman kutoka Poland aliwasilisha London makala iliyoeleza mgawanyo huu: idadi ya wahojiwa ifuate ukubwa wa tabaka ukizidishwa kwa mtawanyiko wake. Kwa kata yetu kanuni hiyo ingetoa wadogo 38, wa kati 26 na wakubwa 26. Mgawanyo tulioutumia haukupishana nayo sana.

Je, taabu ya kugawanya daftari inalipa? Kama kaya 90 zingechaguliwa kwa kura moja ya kata nzima, kosa sanifu lingekuwa karibu magunia 2.2, mara tatu ya letu. Kura hiyo ingeweza kuleta wakulima wakubwa wawili au wanane, na wastani ungeyumba nao. Ili kufikia 0.71 kwa njia hiyo, ingebidi kuhojiwa kaya zipatazo 615.

Kosa moja hufanywa na watu waangalifu kabisa. Mhojaji anafika kwa mkulima aliyeandikwa "mdogo" na kumkuta analima ekari 20. Anamhamishia kwa wakubwa, akidhani anasahihisha. Asifanye hivyo. Mkulima huyo alichaguliwa kwa kura ya wadogo, na katika kura hiyo kila aliyehojiwa anabeba kaya 37.5, ilhali mkubwa aliyehojiwa anabeba 5 tu. Ukimhamisha, unawafuta wale wengine wanaofanana naye waliofichika katika tabaka la wadogo. Abaki alikochaguliwa, na mavuno yake yaongeze wastani na mkengeuko wa tabaka hilo.

Kosa zito zaidi halionekani kwenye jedwali hata kidogo. Uzito wote umetoka kwenye daftari la kata. Tuseme daftari ni la zamani, na wakulima 40 kati ya wale 100 wakubwa wamekwisha kuuza au kugawia watoto mashamba yao, sasa wamo katika tabaka la wadogo. Uzito wa kweli ungekuwa 0.77, 0.20 na 0.03. Tukiacha wastani wa matabaka kama ulivyo, jibu linashuka kutoka 15.3 hadi karibu 13.7, nje ya ile mipaka tuliyoiamini. Kosa sanifu linabaki 0.71 lile lile, kwa kuwa linapima bahati ya kura tu. Uchakavu wa daftari halina njia ya kuujua. Kwa hiyo ukiletewa wastani wa aina hii pamoja na kosa lake sanifu, muulize aliyeukokotoa: uzito huu umetoka kwenye daftari la mwaka gani?